Penseli kwenye slaidi: chuma kimeisha au ni thalasemia?

*Mwalimu, mimi niko maabara ya kituo cha afya cha daraja la nne, Busia upande wa Uganda. Juzi nilipokea damu ya mama wa miaka 31, ana watoto watano, hana mimba. Mashine ilitoa Hb 7.9, RBC 3.95, MCV 66, RDW 21, chembe sahani 512. Kwenye slaidi seli nyekundu ni ndogo, zimepauka, na baadhi ni ndefu kama penseli. Malaria hakuna. Daktari wetu mpya anasema MCV ya 66 ni ya thalasemia, anataka mama aende Kampala kupimwa. Mimi naona ni chuma, ila nashindwa kueleza kwa nini. Nimwambie nini?*

Dada, umeona sawa. Daktari naye hajakosea kuiwaza thalasemia, maana MCV ya 66 huifikirisha. Kosa lake ni kuisoma MCV peke yake. MCV inakwambia seli ni ndogo, haikwambii zimekuwa ndogo kwa njia gani, na njia ndiyo inayotenganisha magonjwa haya mawili.

Kabla hujaenda kwa daktari, irudie slaidi yenyewe, kwa sababu akikuuliza swali la kwanza la maana atakuuliza kama imepakwa na kupakwa rangi vizuri. Vituo vyetu vingi vina rangi ya Giemsa ya malaria tu, iliyochanganywa na maji ya pH 7.2. Hiyo inafaa kutafuta vimelea, lakini seli nyekundu hutoka za kijivu na weupe wa katikati unakuwa mgumu kuupima kwa macho. Ukiwa na Leishman na bafa ya pH 6.8, tengeneza slaidi nyingine kwa damu ya chupa ya kofia ya zambarau ambayo haijakaa zaidi ya saa chache. Damu iliyolala usiku kucha mezani hubadilisha maumbo, na hapo usiamini kitu.

Jambo la pili ni methanoli. Hewa yetu ina unyevu, na chupa ya methanoli inayofunguliwa mara ishirini kwa siku hunywa maji. Slaidi ikifiksiwa kwa methanoli yenye maji, seli hupata mashimo meupe katikati ambayo mtu mwenye haraka huyaita kupauka. Utayatambua hivi: shimo la maji lina ukingo mkali, na ukizungusha skrubu ndogo ya hadubini linang'aa kama tone la mafuta. Weupe wa kweli hauna ukingo. Unafifia pole pole kuelekea kwenye wekundu, na kwa seli ya kawaida hauzidi theluthi moja ya upana wa seli. Ukizidi nusu, na wekundu ukabaki pete nyembamba tu pembeni, hapo seli imepauka kweli.

Penseli nazo zina uongo wake. Ukiburuta slaidi vibaya, seli za kawaida huvutwa zikawa ndefu. Tofauti ni kwamba zilizovutwa zote zinaelekea upande mmoja, kama majani ya mpunga yaliyolazwa na upepo. Penseli za kweli zimelala ovyo: moja imesimama, nyingine imelala, nyingine imekaa mshazari. Soma mahali ambapo seli zinakaribia kugusana bila kupandana. Usisome kwenye mkia wa slaidi, ambako kila seli inaonekana bapa na haina weupe kabisa.

Kuhusu udogo, usikisie. Tafuta limfosaiti ndogo na uweke seli nyekundu karibu na kiini chake. Seli nyekundu ya kawaida inalingana na kiini hicho. Za mama huyu, kwa MCV ya 66, nyingi zitaonekana ndogo kuliko kiini.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe, ambayo ndiyo ningempa daktari wako kama ningekuwa na dakika mbili tu naye.

Upungufu wa chuma unatokea polepole. Mtu hazaliwi nao kama anavyozaliwa na thalasemia. Mama huyu alianza na akiba, mimba ya kwanza ikaila, ya pili ikaila, hedhi ikachukua kidogo kila mwezi, labda na minyoo ikasaidia. Uboho wa mifupa uliendelea kutengeneza seli kwa chuma kilichokuwepo wiki ile. Seli nyekundu inaishi kama siku 120. Kwa hiyo tone moja la damu yake lina seli zilizozaliwa miezi minne iliyopita, chuma kikiwa kidogo, pamoja na seli zilizozaliwa juzi, chuma kikiwa karibu kuisha. Za zamani ni kubwa kiasi, za juzi ni ndogo na nyeupe zaidi. Ndiyo maana slaidi yake imechanganyika: kubwa kwa ndogo, duara kwa ndefu, zilizopauka kidogo kwa zilizobaki pete tu. Mashine huuona mchanganyiko huo kwa jina la RDW, na 21 ni mchanganyiko mkubwa, maana kawaida haizidi 15 hivi.

Penseli zinatokea humo humo. Seli yenye hemoglobini kidogo na ngozi iliyokakamaa hubanwa kwenye mishipa midogo, ikatoka ndefu isirudi kuwa duara. Chuma kinavyozidi kupungua ndivyo unavyozidi kuziona. Kwa Hb ya 11 utazitafuta. Kwa 7.9 zinakutafuta zenyewe.

Mwenye thalasemia hana hadithi ya namna hiyo. Kasoro yake iko kwenye jeni za kutengeneza minyororo ya globini, na imekuwepo tangu tumboni. Chuma anacho, lakini mnyororo mmoja unatengenezwa pungufu, na unatengenezwa pungufu vile vile kwa kila seli, mwezi huu na mwezi ule. Kwa yule aliyebeba tu, seli zake zote ni ndogo kwa kipimo kimoja, kama matofali yaliyotoka kwenye fomu moja ndogo. RDW yake mara nyingi iko karibu na kawaida. Na kwa kuwa uboho haujakosa malighafi, unafidia kwa kutengeneza seli nyingi zaidi. Anakuwa na seli ndogo lakini nyingi, na Hb inashuka kidogo tu.

Hapo ndipo RBC ya 3.95 inapomaliza ubishi. Niliwahi kupokea sampuli ya kijana wa Jinja, wa familia yenye asili ya Gujarat, ambaye alikuwa akipewa vidonge vya chuma kwa zaidi ya mwaka. Hb 12.1, MCV 63, RBC 6.1, RDW 15.5. Linganisha na mama yako. MCV ya kijana iko chini kuliko ya mama, lakini kijana ana milioni sita za seli na mama hajafika nne. Mama angekuwa amebeba thalasemia tu, MCV ya 66 ingekuja na RBC ya 5.5 au zaidi, na Hb yake isingekuwa mbali na 11. Yule kijana alipopimwa hemoglobini kwa aina, Hb A2 yake ilikuwa juu ya asilimia 3.5, kama inavyokuwa kwa waliobeba thalasemia ya beta. Vidonge vilisimamishwa, na nadhani tumbo lake lilishukuru.

Wazo hilo la udogo dhidi ya wingi lina kanuni yake, aliyoitoa Mentzer mwaka 1973: gawanya MCV kwa RBC.

```
Mama:    66 / 3.95 = 16.7
Kijana:  63 / 6.1  = 10.3
```

Ikizidi 13 elekea kwenye chuma, ikiwa chini ya 13 elekea kwenye thalasemia. Ni hesabu ya sekunde kumi, na daktari anaweza kuifanya mbele yako. Ila usimwachie kanuni bila kumwambia mpaka wake, na mpaka huo unatuhusu sana hapa Uganda.

Kanuni hii inafanya kazi yake vizuri kwa thalasemia ya beta, na beta ni chache kwa Waafrika wa Uganda. Tutaikuta zaidi kwa ndugu zetu wenye asili ya Asia Kusini. Iliyoenea kwetu ni ya alfa, tena aina nyepesi, ambapo kipande cha jeni kimekatika na kuacha jeni moja ya alfa mahali palipopaswa kuwa na mbili. Imeenea huku kwa sababu ile ile iliyoeneza jeni ya seli mundu: malaria. Aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja hutamgundua kwa mashine wala kwa hadubini. Hesabu zake ni za kawaida au pungufu kidogo sana. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili anaweza kuwa na Hb 11.4, RBC 5.0, MCV 72. Gawanya: 14.4. Kanuni inasema chuma, na kumbe ni alfa. Vile vile Hb A2 yake haipandi, kwa hiyo hata kipimo ambacho daktari anataka mama akafanyiwe Kampala kingerudi kikisema kawaida. Alfa ya namna hii inathibitishwa kwa kipimo cha jeni, na kwa kuwa haimuumizi mwenye nayo, sioni sababu ya kumsafirisha mtu kwa ajili yake.

Kwa hiyo mwambie daktari hivi: thalasemia ambayo mama mtu mzima wa Busia anaweza kuwa nayo bila kujua haishushi Hb hadi 7.9. Zipo aina kali zinazoshusha hivyo, lakini hazijifichi mpaka mtu afikishe miaka 31 na watoto watano bila mtu kugundua. Zingekuwa zimejitangaza utotoni, bandama ingekuwa imevimba, macho yangekuwa na umanjano, na kwenye slaidi ungekuta seli nyekundu changa zenye viini zikizurura, seli zenye doa jekundu katikati kama shabaha ya mishale, na nukta nukta za buluu ndani ya seli. Ulizikuta? Kama hukuzikuta, ziandike kwamba hazipo. Jibu linalosema kitu hakipo lina uzito sawa na linalosema kipo, mradi umekitafuta.

Seli za shabaha zisikutishe zikiwa chache. Upungufu wa chuma huzitoa pia, moja hapa moja pale. Kwenye thalasemia ni nyingi na hazikai pamoja na penseli nyingi. Nami uwiano huo ndio ninaouangalia: penseli zikizidi shabaha, nafikiria chuma, shabaha zikizidi penseli, nasimama kidogo.

Chembe sahani 512 nazo ziko upande wako. Uboho wenye njaa ya chuma mara nyingi hutoa sahani nyingi kuliko kawaida. Ila seli nyekundu ndogo sana na vipande vyake, mashine nyingine huzihesabu kama sahani, kwa hiyo hakikisha kwa macho kwamba sahani kweli ni nyingi.

Kuna kosa jingine ambalo hukuliuliza, lakini nikiwa kijana lilinikuta, na katika nchi hii litakukuta tu. Uchunguzi wa watoto wachanga uliofanywa Uganda nzima ulionyesha kwamba karibu 13 kati ya 100 wamebeba jeni ya seli mundu, na huko Bundibugyo wanazidi hapo. Basi kila mtu wa maabara wa Uganda akiona seli ndefu, akili yake inakimbilia huko. Nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja, msichana wa miaka 15 akaletwa na damu kidogo, nikaona penseli nikaandika seli mundu. Asubuhi bosi wangu akaniita, akaweka slaidi, hakusema neno. Nilipoangalia mara ya pili niliona aibu. Penseli ina pande mbili zinazokwenda sambamba, ncha zake ni butu, na katikati imepauka kwa urefu wake wote. Seli mundu imekolea rangi, haina weupe katikati, na angalau ncha moja imechongoka kama mwiba. Msichana yule alikuwa na hedhi nzito tangu avunje ungo, na familia nzima ilikuwa tayari imeambiwa habari nyingine kabisa. Hata ukiwa na uhakika wa macho, fanya kipimo cha seli mundu pale pale kituoni. Lakini kumbuka kwamba aliyebeba jeni hiyo tu hana seli mundu kwenye slaidi yake ya kawaida na Hb yake haishuki kwa sababu hiyo, kwa hiyo kipimo kikitoka chanya usikifanye kuwa jibu la 7.9.

Daktari akitaka uthibitisho wa chuma, feritini ndiyo ya kuomba, na sampuli inaweza kusafiri wakati mama amebaki nyumbani. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, chini ya mikrogramu 15 kwa lita inatosha kusema akiba imeisha. Feritini hata hivyo hupanda mtu anapokuwa na malaria, jipu au homa yoyote, hivyo inaweza kuonekana nzuri ghala likiwa tupu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linaruhusu kikomo cha 70 kwa mtu mzima mwenye maambukizi. Umesema malaria haipo, vizuri. Muulize tu kama alikuwa nayo wiki mbili zilizopita.

Pasipo feritini, matibabu yenyewe ni kipimo. Daktari akimwanzishia chuma, mwambie mama arudi baada ya wiki nne, na uombe uitengeneze slaidi wewe mwenyewe. Kama alikuwa na upungufu wa chuma na anameza kweli, Hb itakuwa imepanda kwa karibu 2, yaani iko jirani na 10. Slaidi utakayoiona itakuchanganya usipoitarajia: makundi mawili ya seli ndani ya damu moja, yale mapya makubwa yenye wekundu mzuri, na ya zamani madogo na penseli zake. RDW itapanda badala ya kushuka, na mtu asiyejua ataandika kwamba hali imezidi. Ni dalili kwamba uboho umepata chakula.

Hb isiposogea, usirukie thalasemia. Kwanza uliza anavimeza vipi. Mwenye kuvimeza kwa chai ya majani anakifungia chuma mlango, na wengine huviacha siku ya tatu kwa sababu vinafanya choo kuwa cheusi na hakuna aliyewaonya. Pili uliza kama bado anapoteza damu.

Thalasemia ina zamu yake baadaye. Mama akishatibiwa na kuendelea na vidonge kama miezi mitatu baada ya Hb kurudi kawaida, angalia MCV yake. Ikipanda juu ya 80, kesi imefungwa. Ikibaki 72 au 73 wakati Hb ni nzuri na penseli zimekwisha, basi alikuwa na vyote viwili, chuma pungufu juu ya alfa aliyozaliwa nayo, na hapo mwandikie kwenye kitabu chake kwamba MCV yake ya kawaida ni hiyo, ili daktari mwingine asimjaze vidonge miaka kumi kwa kuifukuza. Hata kama ni Hb A2 mnayoitaka, ningesubiri hadi wakati huo, kwa sababu upungufu wa chuma unaweza kuishusha na kuificha beta iliyopo.

Jibu lako kwenye fomu liwe fupi. Mimi ningeandika: seli nyekundu ndogo na zilizopauka sana, ukubwa umetofautiana sana, penseli nyingi, shabaha chache, hakuna seli zenye viini, hakuna seli mundu, sahani nyingi, vimelea vya malaria havijaonekana, picha ni ya upungufu wa chuma, tafadhali tafuteni chanzo cha kupoteza damu.

Na chanzo, kwa mama wa Busia mwenye shamba, uanze kukitafuta wewe. Waswahili wa zamani waliita safura ugonjwa wa kuvimba na kupungukiwa damu, na mnyoo unaoleta ugonjwa huo ukabaki na jina hilo hilo. Walikuwa wameona uhusiano kabla ya hadubini. Rudi kwenye slaidi yako uhesabu seli nyeupe: zenye chembechembe za rangi ya chungwa zikiwa nyingi kuliko kawaida, omba choo. Ukitumia njia ya Kato-Katz, soma slaidi ya choo ndani ya nusu saa, isizidi saa moja. Gliserini huyayeyusha mayai ya safura yakapotea machoni, na yale ya minyoo mingine yakabaki. Wengi huziweka pembeni wakaenda kula, wakirudi wanaandika kwamba safura hakuna.